Je, Wajua? Roboti Inavyochagua Pa Kushika Bolti Ndani ya Kreti

Je, wajua kwamba roboti inaweza kutoa bolti kwenye kreti iliyojaa shaghalabaghala bila kujua kuwa ile ni bolti? Kamera ya kina inayotazama kreti kutoka juu haimpi mtu picha ya kupendeza. Kila pikseli ina nambari moja tu, nayo ni umbali wa milimita kutoka kwenye kamera hadi kitu kilicho chini yake. Mwaka 2014 mtafiti Mjapani Yukiyasu Domae na wenzake walieleza njia ya kuchagua mahali pa kushika kwa nambari hizo peke yake, bila mchoro wa kifaa kinachookotwa. Njia yao inauliza maswali mawili kwa kila sehemu ya picha: je, katikati ya vidole pana kitu cha kubana? Na je, pale vidole vitakapotua pana nafasi? Sehemu kubwa ya safu hii inatoka kwenye swali la pili, maana ndilo linaloangusha kazi mara nyingi.

Je, wajua bolti moja inachukua pikseli ngapi? Tuchukue bolti za M12 zenye urefu wa milimita 80, zile ambazo fundi wa gereji huzifungua kwa spana namba 19. Kamera iko kama milimita 800 juu yake na lenzi yake ina urefu wa fokasi wa pikseli 640. Ukigawanya 800 kwa 640 unapata 1.25, yaani kila pikseli inafunika milimita moja na robo ya bolti. Shina la milimita 12 linakuwa na upana wa pikseli kumi hivi. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani wanapoagiza kamera.

Je, wajua kwa nini koleo la roboti lazima lishuke hadi kupita nusu ya unene wa bolti? Shina ni la mviringo, na kamera inaona mgongo wake tu. Koleo letu lina vidole viwili vinavyokwenda sambamba, vimevalishwa pedi za mpira. Vidole vikishuka milimita 3 tu chini ya mgongo wa bolti, ncha zake zinagusa mteremko wa juu wa shina, mahali ambapo uso wa chuma umeinama nyuzi 30 kuelekea juu. Mpira juu ya chuma kikavu, wenye kigezo cha msuguano cha 0.5, unavumilia nyuzi 26 na nusu hivi. Nyuzi 30 zimezidi. Koleo likibana, bolti haikamatiki: inasukumwa chini, inateleza, na vidole vinakutana juu yake vikiwa vitupu. Ukipaka oili, kigezo kikashuka hadi 0.15, uvumilivu unabaki nyuzi 8 na nusu tu, na ncha za vidole zinapaswa kufika karibu kabisa na nusu ya shina.

Kwa hiyo katika mfano wetu vidole vinashuka milimita 8. Nusu ya shina ni milimita 6, na hizo 2 za ziada nitazieleza sasa hivi, kwa sababu kamera nayo hukosea.

Je, wajua kosa la kamera ya macho mawili hukua kwa mraba wa umbali? Kamera ya aina hii hulinganisha picha za lenzi mbili na kupima kitu kimesogea pikseli ngapi kati ya picha moja na nyingine. Kosa dogo katika kipimo hicho hugeuka kuwa kosa la kina kwa kanuni hii:

```
dZ = Z * Z / (f * B) * dd
```

Z ni umbali, f ni urefu wa fokasi kwa pikseli, B ni nafasi kati ya lenzi mbili, na dd ni kosa la kulinganisha. Weka milimita 800, pikseli 640, nafasi ya milimita 50, na kosa la moja ya kumi ya pikseli. Unapata milimita 2. Ukiishusha kamera hadi milimita 400, kosa linakuwa nusu milimita, yaani robo, si nusu ya lile la mwanzo. Lakini kamera iliyoshuka inaona kipande kidogo cha kreti, na mkono wa roboti unaanza kuigonga. Hapa kila fundi hufanya uamuzi wake. Mimi ningeishusha kadiri kreti yote inavyobaki ndani ya picha, kisha nisimame hapo.

Sasa tuokote bolti moja.

Bolti tunayoitaka iko juu ya nyingine zote, na mgongo wake unasomeka milimita 740 kutoka kwenye kamera. Vidole vitashuka 8, kwa hiyo ncha zake zitafika 748. Tunaongeza akiba ya milimita 3, moja zaidi ya kosa la kamera, tunapata 751. Sheria yetu ni hii: kila pikseli iliyo chini ya unyayo wa kidole lazima isome 751 au zaidi. Kidole kina unene wa milimita 5 na upana wa milimita 10, hivyo unyayo wake ni pikseli 4 kwa 8, jumla 32.

Tunaanza katikati ya bolti, tukihesabu na kichwa chake. Upande wa kushoto namba ndogo kabisa ni 766, pana nafasi tele. Upande wa kulia ni 745: ncha ya bolti jirani imejitokeza hapo, na kidole kingeipiga kikiwa bado hakijafika chini. Tunakataa. Tunasogea milimita 10 kuelekea kichwani. Kushoto 763, kulia 749. Hapa ndipo mtu mwenye haraka anapokosea, kwa sababu 749 iko chini ya ncha ya kidole kwa milimita moja na kwa macho inaonekana inapita. Lakini kamera inaweza kukosea kwa 2, na bolti jirani huenda kwa kweli iko 747. Tunakataa pia. Tunasogea milimita 10 nyingine: kushoto 760, kulia 755. Pande zote mbili zinapita. Tunashika hapa.

Je, wajua kwa nini nimesema namba ndogo kabisa, si wastani? Ncha ya bolti jirani inaweza kufunika pikseli 4 tu kati ya zile 32. Wastani wake utasoma kana kwamba pako wazi, na kidole kitatua juu ya chuma. Ukitumia wastani, dalili utaiona kwenye pedi: mpira unakatika kwenye ncha, upande mmoja zaidi ya mwingine, ilhali kompyuta inasema mishiko yote ilikuwa mizuri.

Je, wajua kusogea huko kuna gharama? Bolti yenye kichwa haina uzito sawa pande zote. Kwa bolti hii, kitovu cha uzito kiko kama milimita 31 kutoka chini ya kichwa, na sisi tumeishia milimita 16 hivi kutoka chini ya kichwa. Tumekiacha kitovu kwa milimita 15. Bolti haifiki hata gramu 100, hivyo pedi pana zitaizuia. Pedi zikiwa nyembamba au zimelainika, mkia utainama wakati mkono unapopanda. Kama bolti inakwenda kuingizwa kwenye tundu, kuinama huko kunatosha kuharibu hatua inayofuata. Njia nyingi kwa hiyo hazichagui sehemu ya kwanza inayopita, bali hutoa alama kwa kila sehemu, na alama hupungua kadiri mshiko unavyokuwa mbali na katikati.

Je, wajua sifuri ndiyo nambari ya hatari kuliko zote katika picha ya kina? Bolti mpya zinang'aa. Mwanga wa kamera ukigonga chuma kinachong'aa unarukia pembeni badala ya kurudi, na kamera haipati kitu cha kupima. Kamera nyingi huandika 0 katika pikseli hiyo. Sifuri haimaanishi kitu kiko karibu, wala haimaanishi pako wazi. Inamaanisha haijulikani. Programu inayojaza mashimo hayo kwa umbali wa sakafu ya kreti inatengeneza nafasi isiyokuwepo, na kidole kinaelekezwa moja kwa moja kwenye mgongo wa bolti uliokuwa uking'aa. Salama zaidi ni kuhesabu kila sifuri chini ya unyayo wa kidole kama kizuizi. Utapoteza mishiko kadhaa mizuri. Mashimo yakiwa mengi mno, piga picha mbili au tatu kwa nguvu tofauti za mwanga, kisha chukua kutoka kila moja pikseli zilizosomeka.

Je, wajua koleo lenyewe linaweza kukwambia kilichotokea, bila kamera? Tazama vidole vimesimama wapi baada ya kubana. Vikiacha nafasi ya milimita 12, vimeshika shina. Milimita 19, vimeshika kichwa. Sifuri, vimeshika hewa. Nafasi haikwambii kama bolti ya pili imeng'ang'ania ya kwanza na kuinuliwa nayo. Hilo linajulikana kwa uzito, mkono ukipima karibu mara mbili ya kawaida.

Mshiko ukishindwa, picha mpya hupigwa, na hapo kuna mtego. Kama bolti haikusogea, nambari ni zilezile, hesabu ni ileile, na roboti itachagua mahali palepale, itashindwa vilevile, na itaendelea hivyo mpaka mtu aje kuizima. Dawa yake ni kuhifadhi orodha ya sehemu zilizoshindwa na kuzifuta kwenye picha kwa mizunguko kadhaa, au kuupa mkono kazi ya kuchokora rundo kidogo kabla ya kupiga picha tena.

Je, wajua bolti za mwisho ndizo ngumu kuliko za kwanza? Zinalala kwenye pembe, zimeegemea ukuta wa kreti. Vidole vinapata nafasi, lakini mwili wa koleo juu yake ni mpana zaidi na unagonga ukuta. Hesabu ya unyayo lazima ifanywe kwa mwili wa koleo pia, kwa kimo chake. Ukiuinamisha mkono ili kuukwepa ukuta, nambari zote za kina zinapaswa kugeuzwa kufuata mwelekeo mpya, na nyuma ya kila bolti kunabaki kivuli ambacho kamera ya juu haikukiona. Kwa sheria yetu kivuli ni kizuizi, na roboti inakataa. Hapo ndipo wengine hufunga kamera ya pili kwenye kifundo cha mkono wa roboti, iende yenyewe kuchungulia ile pembe kabla vidole havijashuka.