Kusoma Stakabadhi za Zhanxi Zilizofifia

Miongoni mwa karatasi tunazoletewa na jamaa zetu, baadhi hazina hata miaka ishirini na tayari ni ngumu kusomeka kuliko barua za babu zao. Hizo ni stakabadhi za Zhanxi, mtaa wa maduka ya jumla ulio magharibi ya stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Unguja, Mombasa na Maskati hununua saa, viatu na nguo. Muuzaji huandika kwenye kitabu chenye kurasa mbili au tatu zinazofuatana, na mnunuzi mara nyingi hupewa nakala ya chini.

Nakala hiyo haina wino wa kalamu. Mgongo wa ukurasa wa juu umepakwa vidonge vidogo mno vya rangi. Kalamu ikikandamiza, vidonge hupasuka na rangi hushika ukurasa wa chini. Jua na joto huifuta rangi hiyo, na mifuko laini ya plastiki huiharibu zaidi, ingawa ndimo wengi wetu tunamozihifadhi. Muhuri mwekundu wa duka nao hutapakaa juu ya maandishi. Lakini kalamu huacha pia mfereji katika karatasi, nao hubaki hata rangi ikipotea. Kwa hiyo usiilowanishe stakabadhi, wala usiipige pasi ili kuinyoosha.

Familia moja ya asili ya Unguja ilituletea stakabadhi ya marehemu baba yao, aliyelipa arbuni kwa saa 500, kila moja yuan 43. Mshirika wake alisema marehemu alitoa yuan 3,600 tu. Watoto waliamini ni 8,600. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, kwa kuwa haki za ushirika hutangulia mgao. Muhuri ulikuwa umeenea juu ya tarakimu ya kwanza.

Tulianza na namba. Namba ya stakabadhi huchapwa kwa wino mwekundu, na hapa wengi hukosea. Picha ya rangi ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na buluu. Katika GIMP hutenganishwa kwa `Colors > Components > Decompose`, kisha huchaguliwa `RGB`. Katika tabaka nyekundu, muhuri hupauka na maandishi ya buluu hukoza. Lakini namba iliyochapwa nyekundu hupauka pamoja na muhuri. Namba basi isomwe katika tabaka ya kijani, na kiasi katika ile nyekundu. Tuliandika 00384[1]2: mabano maana yake tarakimu hiyo tumeiona kwa shaka. Iliyopotea kabisa huwekewa nukta, hata kama stakabadhi ya jirani yake inatuonyesha ingepaswa kuwa ipi.

Mahali pa mlipaji hapakuwa na jina la marehemu. Palikuwa na herufi tatu za Kilatini na mstari. Watoto walifadhaika, mpaka mama yao alipokumbuka kuwa ndiyo alama iliyopakwa kwenye robota zake zote. Muuzaji wa Zhanxi huandika kile kitakachoutambulisha mzigo, au jina kama alivyolisikia. Tulinakili herufi zile kama zilivyo, na maelezo ya mama tukayaweka pembeni.

Kiasi ndicho kilichotuchukua siku mbili. Tabaka nyekundu ilionyesha nusu ya kulia ya tarakimu tu, nayo 3 na 8 zinafanana upande huo. Baki lilisomeka 900 mwishoni, lakini halikutusaidia: 21,500 ukitoa 3,600 ni 17,900, na ukitoa 8,600 ni 12,900. Bahati njema, kiasi huandikwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno ya Kichina, katika nafasi zilizochapwa tayari za elfu, mia na kumi. Kwa maandishi ya haraka ya dukani, tatu ni mistari mitatu iliyolala. Nane ni mikwaju miwili inayoachana kama paa la makuti.

Tuliweka karatasi gizani na kuimulika kwa tochi iliyolala karibu usawa wa meza. Mfereji huonekana mwanga ukiukata, si ukiufuata. Tulimulika kwanza kutoka juu ya ukurasa, ambako mistari iliyolala ingetupa kivuli: hakukuwa na kitu. Tulipomulika kutoka kushoto, mikwaju miwili ilijitokeza, ikiachana chini. Tuligeuza karatasi, na mgongoni vikaonekana vituta vilevile, kinyume.

Katika daftari tuliandika 8,600, tukieleza kuwa tarakimu yenyewe haisomeki na kiasi kimechukuliwa katika maneno. Tarehe, 2011.4.7, tuliiandika 7 Aprili, kwani Wachina hutanguliza mwaka kisha mwezi. Familia ilikuwa ikiisoma 4 Julai. Mshirika alizitazama picha za pande zote mbili, akaomba tochi aone mwenyewe.