Bodi Inayoatamia Mayai

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, na siku zote hizo linataka joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi. Kuku hulitoa joto hilo kwa mwili wake. Fundi anayetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa sanduku la mbao na balbu mbili za wati 60 hana budi kutafuta kitu cha kuwasha na kuzima balbu hizo usiku na mchana. Kazi hiyo inamfaa sana mikrokontrola.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya chipu moja: ina kichakataji, ina kumbukumbu, na ina miguu ya chuma, yaani pini, za kupokea na kutoa umeme. Chipu hiyo ikipachikwa kwenye bodi pamoja na soketi ya kuichomeka kwenye kompyuta na vifaa vya kusawazisha umeme, hata anayeanza huweza kuitumia. Bodi inayojulikana zaidi ni Arduino, iliyoanzia katika chuo cha usanifu mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasiosomea umeme nao waweze kubuni vifaa. Toleo lake la Uno R3 lina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Picha moja ya simu haingii humo, lakini maagizo ya kulea mayai yanaingia na nafasi inabaki.

Programu huandikwa kwenye kompyuta na kupakiwa kwa waya wa USB. Baada ya hapo bodi haihitaji tena kompyuta; inarudia maagizo yale yale mfululizo. Ndani ya sanduku la mayai, sensa ya joto aina ya DS18B20 huituma bodi kipimo, na kiini cha programu ni mistari mitatu:

```
if (joto < 5 || joto > 45) digitalWrite(7, LOW);
else if (joto < 37.3) digitalWrite(7, HIGH);
else if (joto > 37.7) digitalWrite(7, LOW);
```

Mstari wa pili huwasha balbu joto likishuka chini ya 37.3, na wa tatu huzizima likipita 37.7. Kati ya namba hizo mbili hakuna kinachobadilika, na pengo hilo limewekwa makusudi. Kama mpaka ungekuwa mmoja, balbu zingewaka na kuzimika kila mara joto linapoyumba kidogo, na swichi ingechakaa mapema.

Swichi yenyewe haiko ndani ya bodi. Pini ya Uno hutoa volti 5 na haifai kubebeshwa zaidi ya miliampea 20, wakati balbu zinatumia umeme wa nyumbani wa volti 230. Katikati huwekwa relei, swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme. Sumaku hiyo nayo hutaka karibu miliampea 70, kwa hiyo hununuliwa relei iliyokwisha kufungwa kwenye kibodi chake pamoja na transista ya kukuza nguvu ya pini. Baadhi ya relei hizo huwaka kwa LOW badala ya HIGH, basi fundi hujaribu kwanza bila mayai.

Mstari wa kwanza ndio unaookoa vifaranga. Waya wa sensa ukichomoka, maktaba ya programu inayotumiwa sana kuisoma hurudisha namba -127. Bodi isiyoonywa huamini kwamba sanduku limeganda kwa baridi, nayo huacha balbu ziwake mpaka mayai yaive.

Umeme ukikatika, programu haifutiki, lakini hesabu ya muda huanza upya. Hilo ni tatizo kwa mota inayogeuza trei, kwa sababu mayai hugeuzwa hadi siku ya 18 kisha huachwa yatulie. Dawa yake ni kuandika namba ya siku katika EEPROM, sehemu ya kumbukumbu isiyopotea umeme unapozimika.

Kwa mpangilio huo huo wa sensa, bodi na swichi, bodi hii huendesha pampu ya kujaza tangi, taa inayowaka giza linapoingia, au vali ya kumwagilia bustani udongo unapokauka. Kutambua nyuso kwenye video, au kazi nyingine nzito ya namna hiyo, haiiwezi.

Anayetaka kujenga mashine ya mayai aache fundi umeme afunge upande wa volti 230. Kisha aiwashe ikiwa tupu kwa siku nzima, akiwa na kipimajoto cha pili ndani, na achomoe waya wa sensa kwa makusudi. Balbu zikizimika, mayai yanaweza kuingia.