Kisa cha uongozi ulioshindwa kazini: mwanafunzi akichambue namna gani na kupanga jibu lake?

"Bosi alikuwa mubaya, alipenda makuta, njo maana kampuni ilianguka." Anayesahihisha kopi za wanafunzi wa menejimenti anaijua sana sentensi ya namna hiyo. Mwanafunzi amepewa kurasa tatu ao nne zinazosimulia habari za kampuni fulani, na swali chini yake: uongozi ulishindwa wapi, na ungefanya nini? Yeye anarudilia hadithi nzima kwa maneno yake, halafu anamalizia kwa kumhukumu mkubwa wa kampuni. Anapata pointi chache na anatoka akisema profesa anamuchukia.

Kosa lake si uvivu. Hakuonyeshwa tofauti kati ya kusimulia na kuchambua. Tuchukue basi kisa kimoja cha kweli, ambacho kinatolewa sana katika mitihani, tukitembee hatua kwa hatua.

Kisa ni cha Boeing, kampuni ya Amerika inayotengeneza ndege, na ndege yake ya 737 MAX. Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ya kampuni Lion Air ilianguka baharini Indonesia, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019, nyingine ya Ethiopian Airlines, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ndege zake zilikuwa zikitua Goma, ilianguka dakika 6 hivi baada ya kuruka Addis Ababa ikienda Nairobi. Watu 157 walikufa. Ajali zote mbili zilipitia njia moja: programu ya kompyuta iitwayo MCAS ilipokea habari ya uongo kutoka kipimo kimoja tu cha pembe ya ndege, ikaamini kwamba pua ya ndege imepanda mno, ikaanza kuisukuma chini, tena na tena, marubani wakishindana nayo.

Soma karatasi mara ya kwanza bila kuandika kitu. Mara ya pili, chora mistari kwenye karatasi ya pembeni upate sehemu tatu. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni uamuzi: nani aliamua nini. Ya tatu, ambayo wengi wanaisahau, ni hii: siku ile anaamua, alikuwa anajua nini? Hiyo sehemu ya tatu ndiyo inakuzuia kuhukumu mtu kwa mambo yaliyojulikana baadaye. Baada ya ajali kila mtu ni fundi.

Kwa Boeing, karatasi yako ingeonekana hivi. Mwisho wa 2010, mshindani wake Airbus anatangaza ndege mpya inayotumia mafuta kidogo. Mwaka 2011, American Airlines, mteja mkubwa wa Boeing, anaagiza mamia ya ndege kwa Airbus. Boeing, badala ya kubuni ndege mpya kabisa, inaamua kuweka mashine kubwa zaidi kwenye 737, ndege ambayo muundo wake ni wa miaka ya 1960. Ina haraka, na inataka marubani wa zamani wasihitaji masomo mapya marefu, kwa sababu masomo ni gharama kwa wateja. Inafika hata kumuahidi mteja mmoja mkubwa, Southwest, punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege kama marubani watalazimika kujifunza tena kwenye mashine inayoiga ndege. MCAS inawekwa ili ndege hii ipae kama zile za zamani. Wakati wa majaribio inaongezewa nguvu, lakini haitajwi katika kitabu cha rubani.

Simama hapo kidogo. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika tayari: "uongozi ulikuwa na tamaa". Lakini kumjibu mshindani si kosa. Kampuni gani haifanyi hivyo? Hata kutumia muundo wa zamani si kosa lenyewe. Uzito unapatikana mahali pengine, na ile sehemu ya tatu ndiyo inakuonyesha. Mbele ya ajali ya kwanza, mkubwa wa kampuni, Dennis Muilenburg, angeweza kusema kwamba mambo ya kipimo kile yalibaki kwa mafundi wa chini. Baada ya tarehe 29 Oktoba 2018, hakuweza tena. Mwanzoni mwa Novemba, Boeing yenyewe iliwatumia marubani tangazo kuhusu hatari hiyo. Basi kwa miezi minne na zaidi, uongozi ulijua kwamba kipimo kimoja kikiharibika ndege inaweza kusukumwa chini, na ndege zikaendelea kuruka wakati programu inatengenezwa. Hapo sasa una kitu cha kushika mkononi: uamuzi, tarehe, na mtu aliyekuwa na habari.

Hatua inayofuata ni kushuka kutoka dalili hadi chanzo. Dalili ni ndege kuanguka. Chini yake kuna uamuzi: programu yenye nguvu ikategemea kipimo kimoja, na marubani hawakuambiwa. Chini zaidi kuna chanzo cha uongozi, na kukipata unauliza: kwa nini hakuna aliyesimamisha jambo hili? Si kwamba hakuna aliyeona. Mwaka 2016, uchunguzi wa ndani wa Boeing ulifanywa kati ya wafanyakazi wake waliopewa kazi ya kukagua ndege kwa niaba ya FAA, mamlaka ya Amerika ya usafiri wa anga. Katika waliojibu, 39 kwa mia walisema wanaona shinikizo lisilofaa, na 29 kwa mia waliogopa matokeo kama wangetoa taarifa. Mwezi wa Juni 2018, mkubwa mmoja wa kiwanda cha Renton aliandika kupendekeza utengenezaji usimame kwanza, kwa sababu wafanyakazi wamechoka na haraka imezidi. Kazi iliendelea.

Ni hapa, na si mwanzoni, nadharia ya darasani inaingia. Mwanafunzi wetu anapenda kujaza ukurasa wa kwanza na aina zote za uongozi alizokariri kwenye silabusi. Hazimsaidii. Chagua moja inayoeleza ulichokiona. Kwa kisa hiki, mimi ningechukua wazo la Amy Edmondson, profesa wa Harvard, ambaye mwaka 1999 aliandika kuhusu usalama wa kusema kazini: je, mfanyakazi anaweza kutaja kosa ao wasiwasi bila kuogopa kuadhibiwa? Zile namba mbili za 2016 zinaingia hapo kama mkono kwenye mfuko.

Kisha jaribu chanzo chako mbele ya profesa kukujaribia. Uliza: kama tungebadilisha mtu mmoja tu, mambo yangekuwa tofauti? Kwa Boeing tuna jibu la sehemu. Muilenburg alifukuzwa Desemba 2019. Nafasi yake ilichukuliwa mwanzoni mwa 2020 na David Calhoun, ambaye alikuwa ndani ya baraza la wakurugenzi tangu 2009. Tarehe 5 Januari 2024, kipande cha ukuta wa ndege ya MAX ya Alaska Airlines kilichomoka angani. Uchunguzi ukakuta misumari minne ya kukishikilia haikurudishwa kiwandani. Hilo ni kosa la utengenezaji, si la programu, kwa hiyo usiyachanganye. Lakini linatosha kudhoofisha jibu la "bosi mmoja mubaya".

Pia sikiliza upande wa pili. Kipimo cha Lion Air kilikuwa kimetengenezwa vibaya, na ndege ile ile ilisumbua siku moja mbele bila kusimamishwa. FAA nayo iliachia Boeing sehemu kubwa ya ukaguzi. Ukificha mambo hayo, msahihishaji atafikiri hukuyaona. Yaandike, halafu sema kwa nini hayaondoi mzigo: kipimo kuharibika ni jambo la kawaida katika ndege, na ni kazi ya anayebuni kuhakikisha kwamba kimoja kikiharibika hakiui watu.

Sasa kuandika. Kama una saa mbili, tumia dakika 40 kwa hayo yote ya juu. Wengi wanaogopa kuona jirani ameanza kujaza ukurasa wa pili. Muache.

Jibu lianze na sentensi inayojibu swali moja kwa moja, si na "Tangu zamani, uongozi…" Kwa mfano: "Uongozi wa Boeing ulishindwa kwa sababu uliweka ratiba na gharama mbele, ukajenga mazingira ambamo onyo la mafundi halikuweza kusimamisha kazi, kushindwa huko kulionekana wazi kati ya Oktoba 2018 na Machi 2019." Aya ya pili inatoa habari za kisa, mistari sita ao saba tu, profesa ameshasoma karatasi yake. Zaidi ya nusu ya kopi iwe ni uchambuzi, na kila aya ibebe dai moja, ushahidi wake kutoka kwenye karatasi, kisha maelezo ya namna ushahidi unaunga mkono dai. Ile sehemu ya katikati ndiyo inakosekana mara nyingi. Ukiandika "hawakusikiliza wafanyakazi", weka mara moja: nani, mwaka gani, alisema nini.

Baada ya uchambuzi weka upande wa pili, aya moja. Halafu mapendekezo, mawili ao matatu, kila moja likiwa limefungwa kwenye chanzo ulichotaja. "Wafanye semina ya uongozi bora" ni dawa ya magonjwa yote, kwa hiyo si dawa ya ugonjwa wowote. Kama chanzo ni woga wa kusema, pendekeza kwamba mkaguzi wa usalama aripoti moja kwa moja kwa baraza la wakurugenzi, akiwa na haki ya kusimamisha kazi, na mshahara wake usitegemee tarehe ya kutoa ndege. Sema nani ataamua hilo, litagharimu nini (kuchelewesha wateja, kwa mfano), na baada ya mwaka utajua kwa alama gani kwamba limefanya kazi. Alama moja nzuri: idadi ya maonyo yaliyoandikwa na wafanyakazi inapanda kwanza mbele ya kushuka. Kama Boeing iliunda kamati ya usalama ndani ya baraza lake mwezi wa Agosti 2019, usiipendekeze kana kwamba ni mpya. Uliza kwa nini haikutosha.

Dakika za mwisho, soma ile sentensi yako ya kwanza, ruka moja kwa moja hadi pendekezo la kwanza. Kama hayaongelei chanzo kimoja, sahihisha sentensi ya kwanza, kwa maana mara nyingi ni njiani, ukiandika, ndipo umeelewa kisa.