Basi Libaki Basi

Kurudia neno huhesabiwa dosari katika insha, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu hupiga mstari neno linapotokea mara ya tatu. Mwanafunzi huondoka na fundisho moja: kila kitu kitafutiwe jina la pili. Matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye, katika habari za magazeti na ripoti za ofisini. Tatizo si la Kiswahili peke yake. Ndugu wawili Waingereza, Henry na Francis Fowler, waliikejeli tabia hii katika kitabu chao cha mwaka 1906 kuhusu matumizi ya Kiingereza, wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama “ubadilishaji wa madaha”.

Ichukuliwe habari hii ya kutungwa: “Basi la abiria liligongana na lori jana alfajiri. Chombo hicho cha usafiri kilikuwa na watu 40. Muda mfupi baadaye gari hilo liliwaka moto, na dereva wa mkweche huo akakimbia.” Magari ni mawili, lakini majina yamekuwa matano. “Chombo hicho” huenda ni basi, kwa kuwa lina watu wengi, ingawa kwa msomaji wa pwani chombo ni jahazi kwanza. “Gari hilo” halijulikani kabisa, maana basi ni gari na lori ni gari. “Mkweche” nao umeleta jambo ambalo mwandishi hakukusudia kulisema, kwamba gari lilikuwa bovu. Mwenye gari angeweza kulalamika, na angekuwa na haki.

Habari hiyohiyo ikiandikwa kwa maneno ya kawaida husomeka hivi: “Basi la abiria liligongana na lori jana alfajiri. Basi lilikuwa na watu 40. Muda mfupi baadaye lori liliwaka moto na dereva wake akakimbia.” Basi limetajwa mara mbili, lori mara mbili, na jicho halikwami popote. Msomaji akikutana na jina jipya hutazamia kitu kipya. Akikutana na jina lilelile hujua bado anaelezwa kitu kilekile. Neno la kawaida likirudiwa hupita bila kuonekana. Kinachoonekana ni jitihada za kulikwepa.

Kiswahili kina njia yake ya kupunguza marudio bila kubuni majina, nayo ni upatanisho wa ngeli. Katika “Basi liligonga mti, ukaanguka,” kiambishi u- kinatosha kuonyesha kwamba kilichoanguka ni mti. Njia hiyo hufika mwisho pale vitu viwili vinapokuwa katika ngeli moja. “Basi liligonga lori, likapinduka” huacha swali, kwa sababu li- ni ya yote mawili. Hapo ndipo jina hurudiwa, na “hilo” haliokoi kitu: “Basi liligonga lori, na lori likapinduka.” Ngeli ya watu huleta shida hii kila siku, kwa kuwa a- humbeba daktari, mgonjwa na askari kwa pamoja.

Kitenzi “alisema” huonewa kuliko vingine. Mwandishi anayeogopa kukirudia huandika alibainisha, alidai, alikiri, alisisitiza, kana kwamba ni pacha. Sivyo. Anayedai hajaaminiwa bado; anayekiri ana kosa au jambo alilokuwa akilificha; anayebainisha anachukuliwa kuwa amesema kweli. Ofisa akitaja idadi ya madarasa, na gazeti likaandika “alikiri”, msomaji huanza kutafuta kashfa. “Alisema” mara sita katika ukurasa mmoja ni salama zaidi.

Jina la pili hufaa linapobeba taarifa au ladha inayotakiwa. Shabiki wa soka hahitaji kuelezwa kwamba Wekundu wa Msimbazi ni Simba na Wanajangwani ni Yanga. Majina hayo ni sehemu ya utani wa mchezo. Msomaji mgeni, hata hivyo, anaweza kudhani uwanjani zilikuwapo timu nne.

Yapo pia marudio mabaya kweli. “Basi lilipofika kituoni basi lilisimama” ina basi moja la ziada, kwani li- ilishatosha. Neno moja lenye maana mbili nalo huchekesha bila kukusudiwa: “Diwani wa kata alikata utepe.” Kipimo rahisi ni kusoma kwa sauti, kisha kuandika pembeni kila jina lililotumika kwa kila kitu. Kitu kimoja kikiwa na majina matatu, mawili huwa yanatafuta sababu ya kuwapo.

Wanaoandika mikataba hawana anasa ya madaha. Mkataba wa kupanga nyumba ukisema “mpangaji” katika kifungu cha pili na “mkaazi” katika cha tano, wakili wa upande wa pili anaweza kuuliza kama hao ni watu wawili, na nani kati yao anapaswa kulipa kodi. Kwa hiyo mpangaji hubaki mpangaji hadi kwenye sahihi.