Kuongeza Loti Kwenye Biashara Inayoshinda Bila Kuongeza Hatari

Mwanzoni mwa Machi 2024 dhahabu ilivuka dola 2,100 kwa wakia, na kabla Aprili haijafika katikati ilikuwa imeshapita dola 2,400. Mtu aliyenunua mapema, tena kidogo kwa tahadhari, hufika mahali akajiuliza: soko limeshaonyesha linakokwenda, nami nina kipande kidogo tu. Niongeze? Na nikiongeza kisha bei ikageuka, si nitapoteza kuliko nilivyokubali kupoteza siku ya kwanza?

Jibu limo katika hesabu moja ambayo kila mwenye akaunti anaweza kuifanya kwenye karatasi. Njia hii huitwa kujenga piramidi: loti ya chini ndiyo kubwa, kila inayofuata ni ndogo zaidi, na hasara ya zote kwa pamoja haivuki kiwango ulichokiweka mwanzoni. Tuifuate kwa namba za mfano.

Una akaunti ya dola 10,000 na umeamua kwamba wazo moja lisikugharimu zaidi ya asilimia 1, yaani dola 100. Unanunua dhahabu kwa 2,100 na kuweka stopu, lile agizo la kukata hasara, kwenye 2,080. Umbali ni dola 20 kwa wakia, kwa hiyo dola 100 zinakuruhusu wakia 5. Loti moja kamili ya dhahabu huwa wakia 100, basi kwenye XAUUSD utaandika 0.05.

Bei inapanda hadi 2,130, inarudi mpaka 2,104, kisha inapanda tena na kuivuka 2,130. Hapo soko limekupa kitu cha maana kuliko faida: limekuonyesha bonde ambalo wanunuzi walikataa kuliacha livunjwe. Stopu inahamia chini kidogo ya bonde hilo, kwenye 2,100. Wakia 5 za mwanzo sasa haziwezi kukutia hasara, maana stopu imekaa pale pale uliponunulia. Zile dola 100 zimekuwa huru. Kutoka 2,130 hadi 2,100 ni dola 30. Gawanya 100 kwa 30, unapata wakia 3 na kitu. Unaongeza wakia 3. Bei ikianguka hadi kwenye stopu, utapoteza dola 90.

Inapanda hadi 2,160, inashuka mpaka 2,118, inarudi na kuvuka 2,160. Stopu ya zote inakwenda 2,114. Wakia 5 za kwanza zitatoka na faida ya dola 70, zile 3 za pili zitatoka na hasara ya dola 48, hivyo umefunga faida ya dola 22. Zijumlishe na ile 100 unayoruhusu, zinakuwa 122. Gawanya kwa umbali wa dola 46 kutoka 2,160 hadi 2,114, unapata wakia 2 na kitu. Unaongeza 2. Sasa una wakia 10, mara mbili ya ulizoanza nazo, na stopu ikiguswa unapoteza dola 70 tu.

Tuseme mwelekeo unaendelea, stopu inafuata nyuma, na mwishowe unatolewa kwenye 2,230. Wakia 5 zinaleta 650, zile 3 zinaleta 300, na 2 za mwisho 140. Jumla ni dola 1,090, badala ya 650 ambazo ungepata bila kuongeza.

Lakini nyongeza ina bei yake, na ni lazima ijulikane kabla. Kama usingeongeza kabisa, stopu ya 2,114 ingekupa faida ya dola 70. Kwa kujenga piramidi, faida hiyo umeigeuza kuwa hasara ya dola 70 iwapo bei itarudi. Hatari iliyobaki palepale ni ile inayohesabiwa kutoka bei ulizonunulia. Ukihesabu kutoka bei ya sasa, mambo ni tofauti: pale 2,160 akaunti inaonyesha faida ya dola 390, na stopu ikiguswa faida hiyo yote inakwenda pamoja na 70 nyingine. Jumla ni dola 460. Asiyeweza kulitazama anguko hilo bila kufunga biashara kwa hofu asiongeze. Abaki na loti yake ya kwanza. Hilo nalo ni uamuzi halali kabisa.

Mtego mkubwa uko kwenye ile hesabu yenyewe. Pale 2,160, jaribu kuisogeza stopu hadi 2,140 badala ya 2,114. Faida iliyofungwa inapanda hadi 230, umbali unapungua hadi 20, na kikokotoo kinakuruhusu kuongeza wakia 16! Kwenye karatasi hatari bado haijafika dola 100. Lakini piramidi imesimama kwa kichwa. Bei ikishuka dola 16 na senti 25 tu, faida yako yote ya dola 390 imeyeyuka, na dhahabu inaweza kusogea kiasi hicho ndani ya saa chache bila mwelekeo kubadilika hata kidogo. Ukiongeza wakia 2, bei ingeweza kushuka dola 39 kabla faida haijaisha. Kwa hiyo kuna sheria mbili, si moja: hesabu isivuke dola 100, na loti mpya isizidi iliyotangulia. Stopu huwekwa na bonde la soko kwanza; ukubwa wa loti hufuata. Dalili ya aliyegeuza mpangilio huo ni kutolewa mara kwa mara na mtikisiko wa kawaida wa siku, halafu bei inaendelea kule kule alikodhani.

Kwenye simu, hasa kwa watumiaji wa MetaTrader 4, kuna kosa jingine la kawaida. Kila oda hubeba stopu yake. Mtu anaongeza loti ya pili na stopu yake ya 2,100, akisahau ile ya kwanza bado iko 2,080. Anadhani amebeba hatari ya dola 90, kumbe ni 190. Sogeza stopu za zamani kwanza, thibitisha zimekubaliwa, ndipo utume oda mpya.

Si wote waliojenga piramidi waliibana hatari namna hii. Wanafunzi wa Richard Dennis na William Eckhardt, waliofunzwa kuanzia 1983 na kujulikana kama Kasa, waliongeza vipimo vilivyolingana hadi vinne katika soko moja. Hatari yao ilianza kwenye asilimia 2 ya akaunti, na kwa kanuni zao za kusogeza stopu ilifika asilimia 5 kipimo cha nne kilipoingia. Walikubali hilo kwa makusudi.

Na kuna jambo ambalo hakuna hesabu inayolizuia. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kikomo cha faranga dhidi ya yuro, na stopu nyingi zilitekelezwa mbali sana na zilipowekwa. Katika mfano wetu, soko likifunguka Jumatatu kwenye 2,080, stopu ya 2,114 haitakusaidia: wakia 10 zitakutoa na hasara ya dola 410, wakati 5 za mwanzo peke yake zingekutoa na dola 100 tu. Kwa hiyo usiongeze loti Ijumaa jioni, wala saa chache kabla ya tangazo la riba la Marekani. Subiri bonde linalofuata.