Vikienda Pamoja, Kipi Kimezaa Kipi?

Katika mitihani ya kupima hoja, kama GMAT na LSAT, maswali ya aina hii hujirudia: "Wanafunzi wanaosoma tuisheni jioni hupata alama za juu kuliko wasiosoma. Kwa hiyo tuisheni ndiyo inayopandisha alama. Jibu lipi linadhoofisha hoja hii?"

Kwanza tenganisha ushahidi na hitimisho. Ushahidi unasema tu kwamba mambo mawili yanaonekana pamoja. Hitimisho limeruka na kudai kwamba moja limezaa jingine. Jibu limo kwenye mruko huo.

Jiulize: je, chanzo na tokeo vimegeuzwa? Huenda wanaofaulu ndio wanaovutiwa na tuisheni. Je, lipo jambo la tatu linalozaa yote mawili? Mzazi anayemudu ada ya tuisheni ndiye pia anayenunua vitabu na taa ya kusomea. Au ni sadfa tu?

Sasa pima majibu. "Tuisheni ni ghali" halifai, kwa sababu haligusi kilichopandisha alama. "Waliojiunga walikuwa wakiongoza darasani hata kabla ya kuanza tuisheni" ndilo lenyewe: linaeleza alama zilezile bila kuihitaji tuisheni.

Hata hivyo, jibu hilo halithibitishi kwamba tuisheni haisaidii. Linaipunguzia hoja uzito tu. Anayesubiri jibu la kuivunja kabisa hulipita lililo sahihi. Swali likitaka kuimarisha hoja, tafuta linaloziba mwanya uleule: makundi yote mawili yalianza na alama sawa.