Mteremko ndio hupanga umbali

Kwenye barabara ya udongo ya shambani, maji yakishapata kasi huchimba korongo. Dawa ni kuyatoa mapema: mitaro ya kuchepusha huyapeleka kwenye nyasi, na vibonde vipana, ambavyo pikapu huvipita bila kurushwa, huyavusha barabara.

Vuta kamba ya mita 10, uinyooshe kwa pima maji. Ardhi ikishuka sentimita 80, mteremko ni asilimia 8. Kwa vibonde, kanuni ya barabara za misitu Marekani ni rahisi: gawa 122 kwa 8, ongeza 30, upate mita 45. Kwa asilimia 4 ni mita 60. Ikizidi 12, kibonde hakifai.

Mitaro nayo husogezwa karibu mlimani. Cha ajabu, hata tambarare: maji yakizubaa huacha tope linaloziba mdomo.